Usaili Ukigongana na Jambo Lisiloahirishika

Ombi la kubadilishiwa muda wa usaili ni ujumbe mfupi ambao mwombaji wa kazi humwandikia mwajiri akieleza kwamba nafasi aliyoitiwa anaitaka, ila saa aliyopangiwa imegongana na jambo asiloweza kulisogeza. Ujumbe huo una kazi mbili. Unatafuta muda mwingine, na unatakiwa kumwacha mwajiri na imani ileile aliyokuwa nayo siku alipolitoa jina hilo kwenye rundo la maombi na kuliweka miongoni mwa waliochujwa. Muda mwingine hupatikana mara nyingi, hasa katika kampuni binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali, ikiwa ombi limekuja mapema na sababu yake inaeleweka. Imani ndiyo huharibika kwa urahisi, na kinachoiharibu kwa kawaida si mgongano wenyewe, ni jinsi ulivyoelezwa.

Ili kuandika ombi zuri, ni lazima kwanza kuelewa ofisini kunatokea nini pale mtu mmoja anapoomba kusogezewa saa. Usaili wa kawaida wa nafasi ya kati, tuseme mhasibu au ofisa mradi, una jopo la watu watatu hadi watano: ofisa rasilimali watu, mkuu wa idara yenye nafasi, na mtu mmoja au wawili kutoka idara nyingine au nje ya taasisi. Kila mmoja wao ana kazi zake. Anayepanga usaili, ambaye mara nyingi ni ofisa kijana wa rasilimali watu au katibu muhtasi, ametumia siku kadhaa kuwapata wote katika siku moja, akahifadhi chumba cha mikutano, kisha akawagawia wasailiwa watano au sita vipindi vya dakika arobaini na tano. Wote wanaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwenye fomu ileile, kwa sababu jopo linataka kuwalinganisha wakiwa bado kichwani.

Msailiwa anayeomba muda mwingine anamrudisha ofisa huyo kwenye kazi aliyodhani ameimaliza. Hata hivyo, uzito wa kazi hiyo haulingani kila mara. Kumhamisha mtu kutoka kipindi cha asubuhi kwenda cha alasiri siku hiyohiyo ni jambo la simu moja, kwani jopo tayari limekaa. Kumhamishia kesho yake kunadai jopo zima likutane tena kwa ajili ya mtu mmoja. Kumpeleka wiki inayofuata kunachelewesha uamuzi, na wakati huohuo yule aliyefanya vizuri zaidi anaweza kupata kazi kwingine. Kwa hiyo swali la kwanza analojiuliza mwajiri akisoma ombi si kama sababu inasikitisha. Anajiuliza ombi hili litamgharimu nini. Mwombaji anayelijua hilo hupanga mapendekezo yake kuanzia lile lililo jepesi kwa mwajiri, na ombi lake husomeka tofauti kabisa na la mtu anayesema tu kwamba siku hiyo hana nafasi.

Mgongano wa kweli una alama moja: jambo lile lingine lina tarehe ambayo mwombaji hakuipanga na hawezi kuigusa, au kuligusa kunamletea hasara kubwa. Mtihani wa bodi ya taaluma, wito wa mahakama, upasuaji uliopangwa, msiba wa mtu wa karibu, safari ya kikazi iliyokwisha kukatiwa tiketi na mwajiri wa sasa, vyote vinaingia humo. Ibada nayo imo. Msabato aliyeitwa Jumamosi, au Mwislamu aliyepangiwa saa saba mchana siku ya Ijumaa, ana sababu kamili, na hana haja ya kuizungusha. Sentensi moja ya wazi inatosha.

Yapo mambo yanayofanana na mgongano lakini siyo. Kutokuwa tayari si mgongano. Miadi ya kliniki ya kawaida huwa inaweza kusogezwa kwa simu, na ni rahisi zaidi kuisogeza hiyo kuliko kulisogeza jopo. Nauli ambayo haijapatikana ni shida halisi, na wengi huionea haya, lakini dawa yake haipo katika tarehe nyingine. Mtu aliye Kigoma akaitwa Dar es Salaam kwa notisi ya siku mbili anafanya vizuri zaidi kuuliza kama anaweza kusailiwa kwa njia ya video siku ileile. Jopo linabaki na ratiba yake, naye haingii katika deni la safari. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, mwombaji hujaribu kwanza kulisogeza lile jambo lingine. Asipofanikiwa, anakuwa na la kusema kwa ukweli: amejaribu, haikuwezekana.

Usaili mwingine uliopangwa saa ileile huwatatiza watu wengi. Kusema “siku hiyo nina usaili kwingine” si kosa, lakini kunaweka mezani habari ambayo mwajiri hakuiomba. Inatosha kuandika kwamba muda huo mwombaji ana ahadi ya kikazi aliyoithibitisha kabla ya kupokea wito. Maneno hayo ni ya kweli, na yanaonyesha mtu anayeheshimu ahadi. Kusingizia msiba au ugonjwa ndiko kunakoangamiza. Katika miji yetu watu wa fani moja wanajuana, na mjumbe wa jopo hili huweza kualikwa kukaa katika jopo lile siku mbili baadaye.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutaja mahali ambapo ombi la namna hii halina mlango. Kwa nafasi za serikali ya Tanzania zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, tangazo la kuitwa kwenye usaili humtaka kila msailiwa azingatie tarehe na mahali alipopangiwa, na hueleza kuwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Hakuna ukali wa bure hapo. Usaili wa mchujo hufanywa na watu wengi sana kwa wakati mmoja. Atakayeruhusiwa kuufanya kesho atakuwa amekwisha kusimuliwa maswali na waliotoka jana. Ingebidi kutunga maswali mapya kwa ajili yake, na ulinganisho wa alama ungepotea. Mwombaji anayegonganishwa na usaili wa aina hii hana budi kuchagua kati ya mambo mawili na kubeba matokeo yake, kisha aombe tena nafasi nyingine zikitangazwa. Yote yanayofuata hapa yanahusu waajiri wanaosaili mtu mmoja mmoja mbele ya jopo.

Wakati wa kutuma ombi una uzito kuliko ufasaha wake. Ombi lililofika siku ileile wito ulipopokelewa husomwa kama taarifa ya mpangilio, kwa sababu ratiba bado ni mbichi na wengine pengine hawajathibitisha. Ombi hilohilo, kwa maneno yaleyale, likifika jioni ya siku moja kabla ya usaili, husomwa kama udhuru. Anayelisoma hujiuliza: mtihani huu alikuwa haujui wiki nzima? Wengi hukawia kwa sababu ya woga. Wanaogopa kwamba kuomba kutaonekana ni kukosa shauku, basi wanakaa na wito siku tatu wakitafuta maneno, na zile siku tatu ndizo zinazoonekana kama kukosa shauku. Saa chache zinatosha kuhakikisha kwamba mgongano upo na kwamba hauondoki.

Njia ya kutuma ni ileile uliyotumika kuitia. Wito ukija kwa barua pepe, ombi hujibiwa ndani ya barua pepe hiyohiyo bila kubadilisha kichwa chake, ili anayeisoma aone tarehe, nafasi na jina bila kutafuta, na wote waliowekewa nakala waendelee kuwemo. Wito ukija kwa simu, jambo ambalo ni la kawaida sana katika kampuni ndogo, mwombaji halazimiki kujibu papo kwa papo. Anaweza kushukuru, akaomba dakika chache aangalie ratiba yake, kisha akapiga mwenyewe kabla ya saa moja kupita. Akishakubaliana na ofisa kwa mdomo, hutuma ujumbe mfupi wa maandishi unaorudia siku na saa, maana mazungumzo ya simu husahaulika au hukumbukwa tofauti na pande mbili. Ujumbe wa WhatsApp unafaa pale tu mwajiri alipoanza yeye kuitumia, na hata hapo huandikwa kwa maneno kamili, bila vifupisho vya vijana wala sauti iliyorekodiwa. Sauti ni ngumu kwa ofisa kuisambaza kwa wajumbe wa jopo na kuihifadhi kwenye faili.

Hali hubadilika zikibaki chini ya saa ishirini na nne. Hapo hupigwa simu kwanza, barua pepe ikifuata. Msiba ndio mfano mkubwa. Kwa Waislamu maziko hufanyika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, na kwa familia nyingi za bara jamaa hulazimika kusafiri usiku huohuo. Hakuna anayetarajia barua iliyopangika katika hali hiyo. Simu ya dakika mbili hutosha: jina, nafasi, saa ya usaili, aliyefariki ni nani kwa mwombaji, na siku ambayo anadhani atakuwa amerudi. Kama mwenyewe hawezi kuongea, ndugu anaweza kupiga kwa niaba yake. Katika jamii zetu mwajiri husema “pole” kwanza na kuangalia ratiba baadaye, na mara chache ombi la aina hii hukataliwa. Picha za msibani hazitumwi. Ikiwa taasisi inahitaji uthibitisho, itauomba yenyewe.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi ombi lenyewe linavyojengwa. Tuchukue mhasibu anayeishi Dodoma, aliyejisajili kufanya mtihani wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Bodi hiyo huendesha mitihani yake kwa vipindi maalumu vya mwaka. Anayekosa karatasi katika kipindi kimoja huisubiri hadi kipindi kingine. Ijumaa alasiri, siku chache kabla ya mtihani, anapokea barua pepe kutoka kampuni moja ya Dar es Salaam ikimwita kwenye usaili wa ana kwa ana siku ya Jumatano saa nne asubuhi. Karatasi yake ya mtihani ni Jumatano hiyohiyo asubuhi, tena Dodoma.

Mgongano wake ni wa kweli kwa kila kipimo: hakuipanga tarehe, hawezi kuisogeza, na kuikosa kunamgharimu miezi ya kusubiri. Zaidi ya hayo, sababu yake inampa heshima mbele ya mwajiri huyu, kwa kuwa mhasibu anayemalizia mitihani ya bodi ndiye hasa anayetafutwa. Anachotakiwa kufanya Ijumaa hiyo, kabla ofisi hazijafungwa, ni kuhesabu ana nafasi lini kwa uhakika. Mtihani ukiisha mchana, alasiri anaweza kukaa mbele ya kompyuta kwa usaili wa video. Kwa treni ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, anaweza kusafiri jioni na kulala Dar es Salaam. Basi Alhamisi asubuhi yuko tayari ana kwa ana, na Ijumaa pia. Jumanne anaiacha kando kwa makusudi. Kinadharia ana nafasi, lakini hiyo ni siku ya kusafiri kwenda na kurudi usiku wa kuamkia mtihani, na treni ikichelewa atakosa vyote viwili. Mwombaji hapendekezi muda ambao hana hakika ataufikia.

Barua yake inaweza kusomeka hivi:

“Ndugu Ofisa Rasilimali Watu,

Nashukuru kwa kuniita kwenye usaili wa nafasi ya Mhasibu, Jumatano saa nne asubuhi (10:00). Nafasi hii naihitaji na niko tayari kusailiwa.

Asubuhi ya siku hiyo nina mtihani wa bodi, NBAA, hapa Dodoma, ambao tarehe yake haibadiliki. Naomba, kama ratiba ya jopo inaruhusu, nipangiwe mojawapo ya nyakati hizi: Jumatano hiyohiyo kuanzia saa tisa alasiri (15:00) kwa njia ya video, Alhamisi muda wowote kuanzia saa tatu asubuhi (09:00), ana kwa ana ofisini kwenu, au Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ana kwa ana.

Ikiwa hakuna hata mmoja unaofaa, naomba kuelezwa nyakati zilizopo nami nitajitahidi kujipanga. Naweza kuwasilisha ratiba ya mtihani ikihitajika. Naomba radhi kwa usumbufu.”

Chini anaweka jina kamili na namba ya simu inayopatikana.

Ufupi wa barua hii una sababu. Aya ya kwanza inathibitisha kwamba mwombaji hajajitoa. Ofisa anayesoma barua pepe arobaini kwa siku huweza kuona neno “siwezi” katika mstari wa kwanza, akaandika mbele ya jina “amejitoa”, na akaendelea. Ndiyo maana shukrani na utayari hutangulia udhuru. Ile desturi ya barua rasmi ya kuanza na “husika na kichwa cha habari hapo juu” haina kosa, ila katika barua pepe humchelewesha msomaji kufika kwenye jambo.

Sababu imekaa ndani ya sentensi moja. Hapa ndipo waombaji wengi huteleza: wanaeleza mtihani una karatasi ngapi, walijisajili lini, walishindwa mara ya kwanza kwa nini, na mjomba aliyelipa ada atasema nini. Kila sentensi inayoongezwa juu ya sababu humfanya msomaji aanze kuipima, na sababu isiyokuwa na shaka huanza kupata shaka kwa kutetewa mno. Kwa ugonjwa, “nina miadi ya hospitali isiyoweza kuahirishwa” ni maelezo kamili. Jina la ugonjwa si haki ya mwajiri kulijua. Kutaja kwamba uthibitisho upo, bila kuuambatisha, kunatosha.

Kisha yapo yale mapendekezo matatu, nayo ndiyo moyo wa ombi. Yamepangwa kufuata wepesi wake kwa mwajiri: siku ileile, kesho yake, siku mbili baadaye. Yana siku, saa na namna. Anayepanga ratiba anaweza kuchagua moja na kujibu kwa mstari mmoja. Pendekezo moja peke yake lina sura ya sharti. Na kuandika “niko tayari muda wowote mwingine”, ingawa kunasikika kama unyenyekevu, kunamwachia ofisa kazi yote ya kutafuta, huku akijua kwamba muda atakaoutaja unaweza kurudi na kikwazo kingine. Mapendekezo mawili au matatu, yakifuatiwa na sentensi inayoacha mlango wazi, yanatosha.

Saa zenyewe zinahitaji uangalifu ambao watu wa mahali pengine hawauhitaji. Ofisi nyingi za Afrika Mashariki huandika wito kwa Kiingereza na kuzungumza kwa Kiswahili, na hesabu zetu za saa zinapishana kwa saa sita. Wito ulioandikwa 10:00 ni saa nne asubuhi. Mtu akijibu kwa haraka “nitafika saa kumi”, mmoja anasubiri asubuhi na mwingine anajiandaa kwa jioni. Kuandika saa kwa maneno na kuweka tarakimu za saa ishirini na nne pembeni, kama mhasibu wetu alivyofanya, kunaondoa shaka hiyo. Usaili wa video na ofisi ya nchi nyingine unaongeza jambo. Tanzania, Kenya na Uganda zina saa moja, lakini Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja, na Kinshasa kwa saa mbili. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi. Ombi linalohusu nchi mbili hutaja saa ni ya wapi.

Lugha ya ombi ni lugha ya wito. Aliyeitwa kwa Kiingereza hujibu kwa Kiingereza, aliyeitwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiswahili, hata kama ofisa anaonekana kwa jina kuwa mtu wa nyumbani. Majina ya heshima nayo hufuata yale aliyoyatumia mwajiri. Anayeitwa “Bi.” katika wito haanzwi na “dada”.

Aliye kazini bado ana ugumu wake. Mgongano wake si siku moja, ni saa zote za kazi, na hawezi kuomba ruhusa kwa kusema anakwenda kusailiwa kwingine. Wengi hujifanya wagonjwa, na wengine hukamatwa na uongo huo. Ombi la busara hapa huomba kipindi cha kwanza cha asubuhi, cha mapumziko ya mchana au cha mwisho jioni, na hueleza waziwazi kwamba mwombaji bado ni mwajiriwa na hataki kuiacha kazi ya mwenzake katikati ya siku. Mwajiri mpya huona humo jinsi yeye mwenyewe atakavyotendewa baadaye. Kama kipindi hicho hakipatikani, siku moja ya likizo ya mwaka, iliyoombwa bila kutaja sababu, ni njia safi kuliko cheti cha daktari kisicho cha kweli.

Baada ya ombi kutumwa, jambo moja husahaulika, nalo hugharimu nafasi: muda wa awali haujafutika. Kuomba si kupewa. Mpaka mwajiri atakapojibu kwa kukubali, usaili wa Jumatano saa nne bado upo, na jopo bado linamsubiri mhasibu wetu. Kwa hiyo hawezi kutuma barua Ijumaa kisha akanyamaza hadi Jumatano akiamini kimya ni kibali. Barua ikipita Jumatatu asubuhi bila jibu, anapiga simu ya ofisi, anajitambulisha, anasema alituma barua pepe Ijumaa kuhusu muda wa usaili na angependa kujua kama imefika. Simu hiyo haihesabiwi kuwa usumbufu. Barua pepe hupotelea kwenye folda ya takataka, ofisa huwa safarini, na mara nyingine jibu liliandikwa likabaki bila kutumwa.

Jibu likija la kukubali, mwombaji hujibu siku hiyohiyo kwa mstari mmoja unaorudia siku, saa, mahali na namna: “Nathibitisha Alhamisi saa nne asubuhi (10:00), ofisini kwenu.” Kuanzia hapo muda huo ni wa chuma. Kubadilisha mara ya pili huwa kunakubaliwa kwa nadra, hata sababu ikiwa nzito, kwa kuwa jopo limekwisha kukutanishwa kwa ajili yake peke yake. Ndiyo maana mhasibu aliiacha Jumanne. Anafika mapema kidogo kuliko ambavyo angefika kwa kawaida, na akiingia hashuki tena kwenye maelezo ya mtihani wala radhi ndefu. Shukrani moja fupi kwa jopo kukubali kukaa siku nyingine inatosha. Mjumbe akiuliza mtihani ulikwendaje, anajibu kwa sentensi moja na kusubiri swali la kwanza. Kuna wanaotumia dakika tano za mwanzo kuomba radhi, na dakika hizo zinatoka kwenye arobaini na tano zao wenyewe.

Jibu linaweza pia kuwa la kukataa, na si lazima liwe na uhasama ndani yake. Mjumbe wa nje anaondoka nchini Jumatano jioni, au bodi inataka jina kabla ya wiki kuisha. Mwombaji huweza kuuliza swali moja tu la ziada: kama jopo linaweza kumsaili kwa video kabla au baada ya wengine siku hiyohiyo. Jibu likibaki lilelile, anachagua. Mhasibu wetu akichagua mtihani, huandika siku hiyohiyo kwamba ameelewa, kwamba analazimika kujitoa kwenye usaili huu kwa sababu aliyoieleza, na kwamba atafurahi kufikiriwa nafasi nyingine ya uhasibu ikitokea. Asiingize lawama wala asiwakumbushe kwamba walimpa notisi fupi, hata kama walimpa. Kutotokea bila taarifa ndiko kusikosameheka: kipindi cha dakika arobaini na tano ambacho jopo linakaa likitazama mlango kinaandikwa kwenye fomu kama “hakufika”, na fomu hiyo hubaki kwenye faili la nafasi.

Kujitoa kwa adabu, kinyume chake, kunamwachia ofisa sababu ya kumkumbuka mtu. Si kila aliyeshinda usaili huripoti kazini. Wengine hupata mshahara mkubwa zaidi kwingine, wengine huondoka katika miezi ya majaribio. Nafasi inapofunguka tena ghafla namna hiyo, ofisi nyingi hazitangazi upya. Hurudi kwenye orodha ya waliochujwa, na mwenye barua nzuri na namba ya simu inayopatikana hupigiwa.